Jinsi ya kuomba taarifa ya historia ya madai ya bima ili isikataliwe kwenye zabuni

Kila msimu wa zabuni napokea swali lile lile: "Niliambatisha taarifa ya madai, mbona kamati ya tathmini inasema haipo?" Nikiomba kuiona, mara nyingi taarifa ipo kweli. Ila tarehe yake imepitwa, au inaonyesha miaka mitatu wakati iliyotakiwa ni mitano, au jina la kampuni lililo juu si lile lililojazwa kwenye fomu ya zabuni. Kwa kamati, hiyo ni sawa na kutoambatisha kitu.

Taarifa hii ni karatasi ya kampuni ya bima inayoorodhesha kila dai lililofunguliwa chini ya bima yako: tukio lilitokea lini, kimelipwa kiasi gani, kiasi gani bado kimetengwa, na kama dai limefungwa. Kwenye mifumo ya mtandaoni ya kampuni za bima utaikuta imeandikwa `Loss Run` au `Claims History`. Ni kitu kimoja.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Kampuni ya usafi wa majengo inaomba zabuni itakayofunguliwa 30 Juni 2025. Masharti yanataka historia ya madai ya miaka 5 kwa bima mbili, yaani dhima kwa watu wengine na fidia kwa wafanyakazi. Taarifa isiwe na umri wa zaidi ya siku 60 siku ya kufungua zabuni.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kwanza

- Ukurasa wa masharti ya zabuni unaozungumzia bima, pamoja na waraka wowote wa ufafanuzi uliotolewa baadaye.
- Hati za bima za miaka yote inayotakiwa, au angalau namba zake na tarehe za kuanza na kuisha.
- Cheti cha usajili wa kampuni, na cha kubadili jina kama uliwahi kubadili.
- Anwani ya baruapepe ya idara ya madai ya kila kampuni ya bima uliyopitia, na ya dalali wako kama unaye.
- Kumbukumbu zako mwenyewe za matukio: barua za kuripoti ajali, hati za malipo, na makubaliano ya kumaliza madai.

Hicho cha mwisho watu hukiacha. Bila hicho, hatua ya 5 na ya 6 hazifanyiki.

## Hatua ya 1: Soma sharti neno kwa neno

Usiombe chochote kabla ya kujibu maswali manne. Miaka mingapi? Bima zipi? Taarifa iwe ya tarehe gani? Nani aisaini?

Swali la miaka ndilo lenye mtego. "Miaka 5 iliyopita" inaweza kuwa miaka mitano iliyokamilika, au minne iliyokamilika na huu unaoendelea. Masharti mengi hayafafanui. Mimi huomba mitano iliyokamilika na unaoendelea juu yake. Kuzidisha kipindi kimoja hakumfukuzishi mtu, kupunguza kunamfukuzisha.

Bima ya kampuni yetu ya usafi huanza kila 1 Oktoba. Kwa hiyo tunahitaji vipindi sita: kile kilichoanza 1 Oktoba 2019 hadi hiki kilichoanza 1 Oktoba 2024, ambacho bado hakijaisha.

Kuhusu nani asaini, masharti mengi yanataka taarifa itoke kwa kampuni ya bima yenyewe. Jedwali lililotengenezwa na dalali kwenye karatasi yake, hata likiwa sahihi hadi senti ya mwisho, linaweza kukataliwa. Dalali atumike kuomba na kufuatilia, lakini karatasi iwe ya kampuni ya bima.

## Hatua ya 2: Panga nani alikubimia lini

Chukua karatasi tupu, andika vipindi sita kwa mstari, na kila kimoja kiandikie kampuni ya bima na namba ya hati. Bima zikiwa mbili, karatasi ziwe mbili.

Kampuni yetu ilihama. Vipindi vitatu vya kwanza ilikuwa kwa kampuni ya bima ya zamani, na kuanzia 1 Oktoba 2022 ikahamia mpya. Maana yake maombi ni mawili, na taarifa zitakazorudi ni mbili. Kampuni mpya haiwezi kukutolea historia ya kampuni ya zamani, hata kama ulipohamia uliwapa nakala. Hiyo nakala ilikuwa ya kukadiria ada yako tu. Tena imezeeka.

Dai huhesabiwa pale tukio lilipotokea au liliporipotiwa, kutegemea aina ya bima. Kwa bima nyingi za dhima kwa watu wengine na za fidia kwa wafanyakazi, kinachoangaliwa ni siku ya tukio. Ndiyo maana ajali ya Februari 2022 iliyolipwa mwaka 2023 haiko kwa kampuni mpya. Iko kwa ile ya zamani, na bado inaishi kwenye mafaili yao.

Umemaliza hatua hii ukiweza kupitisha kidole kutoka kipindi cha kwanza hadi cha mwisho bila kukuta nafasi tupu. Ukikuta nafasi, kwamba mwaka fulani hukuwa na bima kabisa, usiifiche. Tutaifikia kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 3: Andika ombi lisilohitaji kuulizwa swali

Ombi la mstari mmoja, "naomba historia yangu ya madai", hurudishiwa chochote ambacho mfumo unatoa kwanza. Kwa kawaida hicho ni kipindi cha sasa peke yake. Karani wa madai hakuonei, anajibu ulichouliza.

Ombi letu kwa kampuni ya zamani lilisomeka hivi:

> Kwa Idara ya Madai,
>
> Tunaomba taarifa ya historia ya madai kwa ajili ya kuambatisha kwenye zabuni.
>
> Jina la mwenye bima: (kama lilivyo kwenye cheti cha usajili)
> Bima na namba za hati: dhima kwa watu wengine, namba …, fidia kwa wafanyakazi, namba …
> Vipindi: 1 Oktoba 2019 hadi 30 Septemba 2022, kila kipindi kionyeshwe peke yake.
> Tarehe ya hesabu: isiwe kabla ya 31 Mei 2025, na iandikwe kwenye taarifa.
>
> Kwa kila dai tunaomba: namba ya dai, tarehe ya tukio, tarehe ya kuripotiwa, maelezo mafupi, kilicholipwa, akiba iliyobaki, kilichorejeshwa, jumla, na hali ya dai.
>
> Kipindi kisicho na dai kiandikwe wazi kwamba hakuna dai lililoripotiwa.
>
> Majina ya waliodai yasionyeshwe. Taarifa iwe kwenye karatasi yenye nembo, isainiwe, na itumwe kama PDF.
>
> Tunaihitaji ifikapo 10 Juni 2025.

Ombi lisainiwe na mtu ambaye kampuni ya bima inamtambua kuwa msemaji wa mwenye bima. Akiandika ofisa mpya ambaye jina lake halimo kwenye faili, watakataa kutoa, na wana haki, kwa sababu ni taarifa za siri. Kama dalali ndiye anayeomba, aambatishe barua yako ya kumruhusu. Hilo ni muhimu zaidi kwa kampuni ya zamani, maana huenda dalali wako wa sasa hawamjui.

### Kwa nini 31 Mei, na si tarehe yoyote ndani ya siku 60

Siku 60 kabla ya 30 Juni ni 1 Mei. Mtu angesema taarifa iliyochapishwa 10 Mei inatosha. Haitoshi kila mara.

Taarifa huwa na tarehe mbili. Moja ni ya kuchapishwa, ambayo huwa kwenye kona au chini ya ukurasa. Nyingine ni tarehe ya hesabu, yaani siku ambayo takwimu zenyewe zilikuwa kweli. Kampuni nyingi za bima hufunga hesabu mwisho wa mwezi, na taarifa huchukua takwimu za ufungaji uliopita. Ukichapisha 10 Mei, tarehe ya hesabu inaweza kuwa 30 Aprili. Kutoka 30 Aprili hadi 30 Juni ni siku 61. Umeanguka kwa siku moja, na kamati haina huruma ya siku moja.

Niliwahi kupoteza zabuni hivyo hivyo, nikiwa nimeifuatilia kampuni ya bima kwa simu wiki mbili nzima. Nilisoma tarehe ya juu kwenye kona. Kamati ikasoma ya chini.

Kwa hiyo lenga ufungaji wa mwezi ulio karibu zaidi na zabuni huku ukibakiza muda wa kurekebisha makosa. Hapa ni 31 Mei: takwimu zinapatikana siku za mwanzo za Juni, na bado una wiki kadhaa mkononi.

## Hatua ya 4: Tuma mapema, fuatilia kwa namba

Tuma ombi mara tu unapoyapata masharti, hata kama tarehe ya hesabu unayoitaka haijafika. Kuna sehemu ambako sheria inaipa kampuni ya bima muda maalum wa kujibu, na nyingine hakuna. Popote ulipo, kampuni uliyoihama haikuweki mbele ya foleni. Ianze hiyo.

Omba namba ya kumbukumbu ya ombi, na ukipiga simu itaje namba hiyo, usisimulie upya. Ukiambiwa "tumeshatuma kwa dalali", mpigie dalali siku hiyo hiyo. Taarifa nyingi zinazosemekana kuchelewa zimelala kwenye baruapepe ya mtu aliye likizo.

Kama kampuni ya bima ya zamani imeunganishwa na nyingine, mafaili yamekwenda kwa aliyeichukua. Kama imefungwa, muulize msimamizi wa bima wa nchi nani anashika kumbukumbu, na hifadhi majibu yote kwa maandishi.

## Hatua ya 5: Ikague taarifa kabla ya kuigusa zabuni

Hapa ndipo pa kukaa chini. Ichapishe, shika kalamu, weka kumbukumbu zako pembeni.

Anza na jina. Linganisha herufi kwa herufi na fomu ya zabuni. Kampuni iliyobadili jina huonekana kwa jina la zamani kwenye vipindi vya nyuma. Hilo si kosa la kampuni ya bima, ila utahitaji kuambatisha cheti cha kubadili jina, la sivyo msomaji ataona historia ya kampuni nyingine.

Kisha vipindi. Vihesabu. Ulichoomba ni vitatu, je, viko vitatu kwa kila bima?

Kisha hesabu ya kila dai. Kanuni yake ni hii:

```
jumla ya dai = kilicholipwa + akiba iliyobaki - kilichorejeshwa
```

Akiba ni fedha ambayo kampuni ya bima inakadiria itaendelea kutoka kwenye dai hilo. Haijalipwa, na huenda isilipwe kamwe. Kilichorejeshwa ni fedha waliyopata kutoka kwa mhusika mwingine aliyesababisha hasara. Taarifa nyingine huweka gharama za mawakili kwenye safu yake, na hapo huongezwa kwenye jumla, nyingine huziingiza kwenye kilicholipwa. Uliza ni ipi, usije ukazihesabu mara mbili kwenye fomu ya zabuni.

Mwisho, tafuta madai usiyoyajua. Dai lililoingizwa kwa makosa kwenye namba ya hati yako hutokea, hasa kampuni mbili zikiwa na majina yanayofanana. Tafuta pia lililorudiwa: tukio moja, tarehe moja, namba mbili za dai. Kuwa mwangalifu lakini, kwa sababu ajali moja iliyoumiza watu wawili kihalali inaweza kuwa na madai mawili.

## Hatua ya 6: Shughulikia dai lililobaki wazi

Taarifa ya kampuni ya zamani ilirudi na mstari huu:

| Tarehe ya tukio | Maelezo | Kilicholipwa | Gharama za wakili | Akiba | Jumla | Hali |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 14 Feb 2022 | Mgeni aliteleza kwenye sakafu yenye maji | 3,200,000 | 600,000 | 14,200,000 | 18,000,000 | Wazi |

Mtathmini wa zabuni akiona 18,000,000 na neno "wazi", anaona kampuni ya usafi yenye kesi kubwa inayoning'inia. Ukweli ni kwamba yule mgeni alilipwa 3,200,000 mwaka 2023, akasaini hati ya kumaliza dai, na mambo yakaisha. Faili tu ndilo halikufungwa, akiba ikabaki pale ilipowekwa siku ya kwanza. Dai lililo wazi kwenye karatasi si lazima liwe deni, lakini msomaji wa karatasi hana namna ya kujua.

Usiiombe kampuni ya bima "ipunguze" akiba. Kiasi cha akiba ni uamuzi wao, na ombi la namna hiyo linaonekana kama la kutaka kupamba. Omba faili lipitiwe, na uambatishe ushahidi: nakala ya hati ya kumaliza dai, tarehe ya malipo, na barua ya wakili kwamba hakuna shauri linaloendelea. Waandikie hivi: "Kwa kuwa dai hili lilimalizika kwa makubaliano yaliyoambatishwa, tunaomba hali yake na akiba yake vipitiwe, kisha tutumiwe taarifa mpya."

Mkaguzi wao alifungua faili, akaona hakuna kilichobaki, akalifunga. Taarifa mpya ilionyesha akiba sifuri na jumla 3,800,000, hali "limefungwa".

Jambo moja la kuchunga: marekebisho yakifanywa 6 Juni, taarifa inayotegemea ufungaji wa 31 Mei haitayaonyesha. Waombe wachapishe kwa takwimu za siku hiyo. Mfumo ukiwa hauruhusu, waombe barua iliyosainiwa inayotaja namba ya dai, tarehe lililofungwa na jumla mpya. Ambatisha taarifa na barua pamoja.

Na kama dai kweli liko wazi? Liache kama lilivyo, kisha lieleze kwenye hatua ya 8.

## Hatua ya 7: Vipindi vitupu

Ukurasa mtupu hausemi "hakuna dai". Unaweza pia kumaanisha mfumo haukuvuta data. Ndiyo maana kwenye ombi tulitaka maneno yaandikwe. Yakikosekana, rudisha.

Mwaka ambao hukuwa na bima, kampuni ya bima haiwezi kuuzungumzia. Andika tamko lako, lisainiwe na mkurugenzi, likitaja tarehe za pengo, sababu, na matukio yaliyotokea au kwamba hayakuwepo. Kampuni changa yenye umri wa miaka miwili nayo ifanye vivyo hivyo, ikiambatisha cheti cha usajili kuonyesha ilianza lini. Bora zaidi, muulize mtangaza zabuni kwa maandishi ndani ya muda wa maswali kama atapokea tamko. Jibu lake likiwa ndiyo, liambatishe pia.

Mkiomba zabuni kwa ubia, kila mbia alete yake. Hili husahaulika sana.

## Hatua ya 8: Kuambatisha

Usiguse faili la PDF. Usifute mstari, usifunike jina kwa wino mweusi, usipunguze kurasa. Majina ya watu yakiwa bado yamo, irudishe kampuni ya bima itoe upya. Kamati ikipiga simu kuhakiki, na huwa zinapiga, tofauti ndogo kati ya nakala yako na yao itasomeka kama kughushi.

Mbele ya taarifa weka ukurasa mmoja wa maelezo, usizidi hapo. Wetu ulikuwa na jedwali la vipindi sita, kampuni ya bima ya kila kimoja, idadi ya madai na jumla. Chini yake, aya moja kwa kila dai kubwa: nini kilitokea, limefikia wapi, na nini kilibadilishwa kazini. Kwa dai la sakafu tuliandika kwamba tangu Machi 2022 kila eneo linalooshwa huzungushiwa vibao vya tahadhari na msimamizi husaini kabla ya kulifungua kwa watu. Tukaambatisha nakala ya fomu hiyo ya kusaini, ikiwa imejazwa.

Takwimu za ukurasa huo, za taarifa zenyewe, na za fomu ya zabuni zilingane. Mtu ambaye hakuziandaa azijumlishe upya kwa kikokotoo. Sisi tulikuta fomu bado ina 18,000,000, kwa sababu ilijazwa kabla ya faili kufungwa.